Naomba ushauri: sebule ya 3D inateleza kwenye laptopu, kwenye simu ya mteja inakufa

Habari zenu wakuu. Nafanya kazi peke yangu, na nimemtengenezea fundi samani ukurasa wa three.js ambapo mnunuzi anaizungusha sebule nzima. Kwenye laptopu yangu hakuna shida yoyote. Kwenye simu ya mteja, Android yenye RAM ya GB 3, sebule inatokea, inakwama, kisha inabaki nyeupe. Nilipoiunganisha kwa waya na kufungua `chrome://inspect` nikakuta:

```
THREE.WebGLRenderer: Context Lost.
```

Nimepunguza pembetatu za makochi hadi nusu, haikusaidia. Nimeshusha `setPixelRatio` hadi 1, ikadumu kidogo zaidi tu. Sasa nashuku picha zinazovikwa kwenye samani. Ziko 8, kila moja 4096 × 4096. Zikiwa JPG ni nyepesi, lakini zikiingia kwenye kumbukumbu ya michoro zinafunguliwa: baiti 4 kwa kila pikseli, yaani MB 64 kwa picha, na kama MB 85 ukijumlisha mipmap. Zote zinakaribia MB 680, na kwa simu ile naona ni mzigo mkubwa mno.

Je, nizishushe zote hadi 1024, au nibaki na 2048 nizibane kwa KTX2? Mteja anasisitiza mistari ya mbao ionekane mtu akisogea karibu, na namuelewa, maana ndiyo anayouza. Pia, mnapimaje kumbukumbu hiyo kwenye simu yenyewe? Kwangu `renderer.info.memory` inaonyesha idadi ya picha tu, si ukubwa wake.