Hadithi yangu inachanganya sasa na zamani, nisaidieni kabla sijaituma

BintiKirumba: Wakuu, habari za jioni. Naandika hadithi fupi kwa wakati uliopo, lakini nikiingia kisengerenyuma nyakati zinavurugika. Mdogo wangu kasoma kipande hiki, akaniuliza mtumbwi umefika leo au siku ile:

"Nyamizi anasimama mwaloni, anahesabu karabai zinazorudi. Usiku ule baba alimwambia asifunge mlango, akaingia gizani. Amevaa koti lililochanika bega. Upepo unavuma. Nyamizi alimwona anapanda mtumbwi, akamwita, hakugeuka. Mtumbwi ukagusa mchanga."

Chapa2: Rahisi dada. Kwenye kumbukumbu, kila -na- na -me- geuza iwe -li-. Umemaliza.

MzeeWino: Hapo kwenye "kila" ndipo sikubaliani nawe, Chapa. "Alimwona anapanda" ni sahihi kabisa, hiyo -na- inaegemea "alimwona". Ukiandika "alimwona alipanda" umeharibu sentensi nzuri. Na "amevaa" ukiigeuza "alivaa", msomaji atamwona baba akiingiza mikono kwenye koti. Hapo inatakiwa "alikuwa amevaa", na "upepo ulikuwa ukivuma".

Kosa kubwa liko kwenye "ukagusa". -Ka- haina wakati wake, inaburutwa na kitenzi kilichotangulia. Kilichotangulia ni "alimwona", kwa hiyo mtumbwi wako umebaki usiku ule. Chukua kalamu, pigia mstari kila -ka-, rudi nyuma utafute inaning'inia wapi. Ukitaka kurudi leo, anza na -na- mpya.

Mvuvi_Igombe: Mimi si mwandishi, ila karabai siku hizi ni chache, wengi tunatumia taa za sola. Halafu usiweke mbalamwezi kali usiku huo, dagaa hawaijii taa vizuri.

BintiKirumba: Kaka, umenipa kitu! Karabai zibaki kwa baba, leo ziwe sola. Nimeandika upya:

"Nyamizi anasimama mwaloni, anahesabu taa za sola zinazorudi. Usiku ule baba alikuwa amebeba karabai. Alimwambia asifunge mlango, akaingia gizani. Alikuwa amevaa koti lililochanika bega, upepo ulikuwa ukivuma. Nyamizi alimwona anapanda mtumbwi, akamwita, hakugeuka. Mtumbwi wa kwanza unagusa mchanga. Taa yake bado inawaka."

Mzee, kisengerenyuma kingine kina kurasa mbili. Niandike "alikuwa ame-" mpaka mwisho?

MzeeWino: Hapana, utamchosha msomaji. Sentensi moja au mbili za kufungulia zinatosha, kisha -li- na -ka- za kawaida. "Alikuwa ame-" irudi pale tu unapotaja hali iliyokuwepo tayari, kama lile koti.

Chapa2: Nakubali la koti. Ila ningeruka mstari kabla ya "Mtumbwi wa kwanza". Kwenye simu jicho linapitiliza.

MzeeWino: Mimi nisingeruka. -Na- na taa ya sola vinatosha.

BintiKirumba: Nitampa mdogo wangu zote mbili, bila kumwambia nimebadilisha nini.