Mapendekezo ya mhariri: kupitia moja moja kwenye Docs, kuhamia Word, au kulinganisha nakala?

NuruLikoni

Habari zenu. Nina hadithi fupi inayoingia kwenye mkusanyiko, na mhariri amemaliza kazi yake kwenye faili ileile ya Google Docs tunayoshirikiana. Mapendekezo yanapita mia mbili. Mengi yamenisaidia kwelikweli. Kwa mfano niliandika "milango miwili ambazo zilitazama bahari", akaweka "ambayo ilitazama", na hapo sina neno.

Shida ni kwamba msimulizi ni kijana aliyelelewa na bibi yake Mombasa, na bibi anasema Kimvita. Kila anapomwambia mjukuu "pita ndia ya pwani", imewekwa "njia". "Mato yangu hayaoni tena" imekuwa "macho". Hayo nayaona wazi. Ninachoogopa ni yale madogo nisiyoyaona.

Naona njia tatu mbele yangu. Ya kwanza ni kukaa humohumo kwenye Docs nikubali na kukataa moja moja. Ya pili ni kushusha faili nifanyie kwenye Word. Ya tatu ni kuiacha nakala ya mhariri kando, nirudi kwenye yangu ya mwanzo, na kuingiza kwa mkono yale yaliyonishawishi. Waliopita huku, ipi inalinda hadithi bila kumvunjia mhariri heshima?

chapa_haraka

Dada unajisumbua. Bonyeza Accept all, soma hadithi ikiwa safi bila rangi, ukikuta pasipokupendeza fungua Version history urudishe. Docs haipotezi kitu.

Kalamu_Tanga

Ndugu chapa_haraka ana ukweli nusu. Ni kweli historia inabaki, na kusoma ukurasa ukiwa safi kuna faida yake. Lakini Restore this version hairudishi sentensi moja, inarudisha faili nzima. Ukiirudisha kwa ajili ya "mato ya bibi", "ambayo ilitazama" nayo inakwenda. Itabidi ufungue toleo la zamani, unakili sentensi, ubandike kwenye jipya, na urudie hivyo kila mahali.

Na hata hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba ukishakubali yote, alama za rangi zinaondoka na maandishi yanaonekana kama uliyaandika wewe. Neno lililofutwa haliachi pengo. Jicho la mwandishi husoma anachokikumbuka, si kilichopo.

Kama unataka kuona ukurasa safi, Docs ina njia isiyogusa kitu. Nenda Tools, halafu Review suggested edits. Kwenye kile kisanduku kinachotokea, chagua Preview "Accept all". Utasoma hadithi kana kwamba umekubali yote. Kisha chagua Preview "Reject all" usome yako ya mwanzo. Ukitoka hapo mapendekezo yote yapo palepale.

Kabla ya hayo, ingia File, Version history, Name current version, ulipe jina kama "imerudi kwa mhariri, haijaguswa". Bila jina, siku ukiihitaji utakuwa unatafuta kwa tarehe na saa.

mama_wawili

Mimi ningemwondolea huyo mhariri ruhusa ya kuhariri. Bonyeza Share, mbele ya jina lake badilisha Editor iwe Commenter. Hataweza tena kukubadilishia kitu.

Kalamu_Tanga

Bi mama_wawili, nadhani dada Nuru hataki kumzuia, kazi imeshafanyika na ameipokea kwa mikono miwili. Ila umegusa jambo ambalo yeye hajaliuliza na linamhusu. Mwenye Commenter anaweza kupendekeza tu, hawezi kubadilisha moja kwa moja wala kukubali pendekezo. Mwenye Editor anaweza kusahau kuwasha Suggesting. Akisahau, anachokiandika kinaingia kimyakimya, hakina rangi wala kisanduku pembeni. Nuru, mhariri wako ana ruhusa gani?

NuruLikoni

Editor. Nilimpa hiyo tangu mwanzo.

Kalamu_Tanga

Basi usianze na yale mia mbili. Anza na yasiyoonekana. Una nakala uliyoituma kabla hajaigusa?

NuruLikoni

Ipo, ya .docx kwenye barua pepe.

Kalamu_Tanga

Vizuri. Ipandishe Drive uifungue kama Google Docs. Sasa tengeneza nakala ya faili ya mhariri kwa File, Make a copy, na kwenye nakala hiyo pekee bonyeza Reject all. Kinachobaki kingepaswa kulingana na ulichotuma, neno kwa neno. Fungua uliyotuma, ingia Tools, Compare documents, uchague hiyo nakala. Docs itakutengenezea faili mpya ambamo kila tofauti imeonyeshwa kama pendekezo. Ikitoka tupu, mhariri hakugusa kitu nje ya Suggesting. Ikitoka na tofauti, hizo ndizo zilizopita bila alama.

Wakati wa kutengeneza nakala kuna kisanduku cha Copy comments and suggestions. Kiwekee tiki, ili nakala iwe na hali ileile ya faili halisi.

Tasnifu_Dodoma

Yangu ni tasnifu, si hadithi, lakini nitasema kilichonisaidia. Msimamizi wangu alinirudishia sura ya pili nyekundu tupu. Nilipoitazama vizuri, sehemu kubwa ilikuwa fonti, nafasi kati ya mistari na vichwa vya habari, na hoja zenyewe zilikuwa zimefukiwa humo. Kwenye Word niliingia Review, Show Markup, nikaondoa tiki ya Insertions and Deletions, nikabakiza Formatting tu. Halafu kwenye Accept nikachagua Accept All Changes Shown. Inakubali yale yanayoonekana peke yake. Nikarudisha tiki, yakabaki maneno matupu.

Ila kwangu kukataa ni shughuli nyingine. Msimamizi si mhariri wa hadithi, na kila nililokataa niliandika sababu pembeni. Hadi leo kuna mawili hatujakubaliana.

Kalamu_Tanga

Hapo Word inaishinda Docs bila ubishi. Inachuja kwa aina ya badiliko na hata kwa mtu, kama wahariri ni wawili. Pia unaweza kuchagua kwa kipanya sehemu tu ya badiliko refu ukaikubali hiyo, ukakataa inayobaki. Kwenye Docs mhariri akiandika upya nusu sentensi kama pendekezo moja, unalipokea zima au unalikataa zima.

Hasara ya Word ni kwamba faili haiko pamoja tena. Ukiwa nayo huko, mhariri anaendelea kujibu kwenye Docs, na baada ya siku mbili mna maandishi mawili. Hadithi fupi iliyoshughulikiwa na mhariri mmoja ningeibakiza Docs. Tasnifu ya kurasa mia mbili ningeipeleka Word na kumwambia msimamizi kwamba ya Docs imefungwa.

NuruLikoni

Nimelinganisha. Kimepatikana kitu. Mwanzo wa sehemu ya pili niliandika "Eti baba yangu yuko Maskati." Sasa ni "Baba yangu yuko Maskati," na halikuwa na rangi yoyote. Hadithi nzima inasimama juu ya mtoto asiyejua kama baba yake yuko hai.

Na hii hapa ina rangi, lakini sijui niifanyeje. Yangu:

"Bibi huamka kabla ya adhana, huwasha jiko, kisha huniita. Siku ile hakuniita."

Mhariri ameweka "aliamka", "akawasha", "akaniita", na ameandika pembeni: hadithi iko wakati uliopita.

Kalamu_Tanga

Lile la Eti lirudishe wewe mwenyewe ukiwa umewasha Suggesting, na uliambatishe maoni. Usiliandike moja kwa moja, kwa sababu nawe utakuwa umefanya kimyakimya. Mwambie kwa sentensi moja tu: mtoto amesikia kwa watu, hajui. Sidhani alikusudia kubadilisha habari. Aliliona kama neno la mazungumzo, akasafisha.

Hili la pili lichukue taratibu. Docs inakuonyesha visanduku vitatu, kila kitenzi na chake, na mkono unataka kuamua kimoja kimoja. Usifanye hivyo. Hayo matatu ni badiliko moja. Ukikubali la kwanza na kukataa mawili utabaki na "Bibi aliamka kabla ya adhana, huwasha jiko", ambayo si yako wala yake.

Soma sasa toleo lake pamoja na sentensi inayofuata, ambayo yeye hakuigusa: "kisha akaniita. Siku ile hakuniita." Asubuhi zote zimekuwa asubuhi moja, na hapohapo msimulizi anajikana. Hiyo ndiyo hoja yako, na haihitaji kusema "ni mtindo wangu". Mhariri mzuri akionyeshwa sentensi hizo mbili pamoja ataona mwenyewe. Jibu ndani ya kisanduku cha kwanza kabla ya kubonyeza alama ya kukataa, kisha kataa yote matatu. Jibu lako litabaki kwenye historia ya maoni, likiungana na pendekezo lenyewe.

Lakini sababu yake uichukulie kwa uzito. Kama amepotea yeye, msomaji naye anaweza kupotea. Ungeandika "Kila siku Bibi huamka..." ungemshika mkono msomaji bila kuacha lako. Fikiria.

Mchapaji_Unguja

Naomba kumtetea mhariri kidogo. Nimeandaa vitabu vya mkusanyiko, na mhariri wa kitabu cha waandishi kumi hana hadithi moja mkononi, ana kumi zinazotakiwa kukaa pamoja. Maneno ya bibi ndani ya alama za usemi ni ya bibi, hapo namuunga mkono dada. Je, msimulizi mwenyewe naye anasema "ndia"?

NuruLikoni

Mara chache. Anapokuwa mdogo. Akikua anasema "njia".

Mchapaji_Unguja

Hapo ndipo penye mgogoro. Msomaji wa Mwanza au Bujumbura akikutana na "ndia" katika usimulizi, na ukurasa wa pili akaona "njia", atadhani ni kosa la uchapaji. Mimi ningekubali mabadiliko yote ya usimulizi na kuyakataa yote ya mazungumzo. Mpaka ulio wazi, kila mtu anauelewa.

Kalamu_Tanga

Mpaka ulio wazi ni mzuri kwa mchapaji, lakini hapa unafuta kukua kwa mtoto. Ningependekeza Nuru aweke maoni mamoja juu kabisa ya faili: bibi wakati wote Kimvita, msimulizi Kimvita hadi mwisho wa sehemu ya kwanza, kuanzia hapo sanifu. Halafu akubali kila "njia" inayoangukia baada ya hapo, hata ile anayoionea huruma. Mhariri akipewa kanuni anaweza kuilinda. Akipewa mamia ya makatao yaliyotawanyika, hana cha kushika.

Mchapaji_Unguja

Kwa kanuni iliyoandikwa ningemsikiliza. Bado nadhani msomaji atajikwaa.

NuruLikoni

Nimeandika kanuni juu ya faili, na ile ya "huamka" nimeijibu. Mhariri amekwisha jibu: Eti imerudi, ameomba radhi kwamba alikuwa Editing bila kujua, na nimembadilishia ruhusa iwe Commenter kwa ombi lake mwenyewe. Kuhusu "ndia" za msimulizi amesema anataka kwanza kusoma sehemu ya kwanza upya. Nimeziacha zile kama zilivyo, sijakubali wala kukataa.