UKOO WA MKOMANI ☕ (arobaini ya Mzee)

*Jumatano*

[19:42] Da Mwana: Asalaam alaykum. Jamaa, nataka majibu leo, si kesho. Ijumaa baada ya alasiri ni arobaini. Buni zimefika kwangu, Athmani kazikaanga. Nimezionja sasa hivi. Zimeungua.

[19:43] Da Mwana: Si kidogo. Ni nyeusi kama makaa, zinang'aa mafuta. Nimetwanga ngumi mbili nikachemsha birika dogo, ni kama nimekunywa jivu la jiko.

[19:51] Omari: Athmani, mpira ulikuwa nani na nani?

[19:52] Athmani: 😂😂 Sikulala. Niligeuka kidogo tu.

[19:52] Omari: Dakika tisini kidogo.

[19:55] Da Mwana: Si wakati wa mzaha. Watu hawapungui themanini, kila mtu vikombe viwili. Kama lita kumi. Nimesikia mtu hutia chumvi kidogo uchungu ukapungua. Nani anajua?

[20:10] Rukia: Mimi daktari kanikataza chumvi kabisa. Presha. Mkitia, mnitengee yangu.

[20:11] Da Mwana: Rukia, kahawa ni ya wanaume barazani. Wewe utakunywa chai.

[20:12] Rukia: Basi sawa. Lakini nimesema.

[20:20] Fatuma Shela: Tia magadi, Da Mwana, usitie chumvi. Magadi huua ukali. Mama akitia kwenye maharage.

[20:21] Omari: Maharage yenyewe tuliyaona. Siku ile ya Zuhura.

[20:22] Fatuma Shela: Usiniletee ya Zuhura hapa. Nani aliyeficha kopo la sukari?

[20:22] Da Mwana: NAOMBA TUSIANZE.

[20:58] Salimu (Msa): Waalaykum salaam. Nimetoka kazini. Magadi hapana, da Fatuma. Magadi huvunja ule ukakasi wa limau. Buni iliyoungua ukakasi wake ushakwisha motoni, haina kitu cha kuvunjwa. Utaipata kahawa chapwa, na ukizidisha itakupa ladha ya sabuni.

[20:59] Salimu (Msa): Chumvi ni kweli. Sisi hapa tunaonja kahawa kutwa, naijua. Ila msidhani inatoa uchungu. Uchungu wote unabaki kikombeni vilevile, ulimi ndio unaacha kuusikia sana. Chumvi ikiwa ndogo huisikii kama chumvi, lakini ulimi unausikia uchungu chini.

[21:01] Athmani: Kwa hiyo imepona?

[21:02] Salimu (Msa): Haikupona. Ule moshi, ile harufu ya jivu, hiyo unaisikia kwa pua, na chumvi haina kazi puani. Itapungua uchungu tu. Da Mwana, tuma picha ya buni.

[21:05] Da Mwana: 📷 Picha

[21:07] Salimu (Msa): Eeh. Hiyo ilipita kuwa kahawia ikaenda moja kwa moja. Ukiona punje nyeusi tii na mafuta yametoka nje namna hiyo, sukari yake ishaungua. Ni ya Uganda?

[21:08] Athmani: Ya Uganda. Ilikuwa rahisi.

[21:09] Salimu (Msa): Basi huenda ni chungu toka shambani, hata usingeiunguza. Ndiyo maana rahisi.

[21:10] Omari: Athmani alipewa elfu tatu ya buni ya Kenya. Naomba chenji ielezwe.

[21:10] Athmani: Ujumbe huu umefutwa.

[21:14] Da Mwana: Salimu, nipe kipimo. Usinambie "kidogo". Kidogo cha Fatuma na kidogo changu si kimoja.

[21:19] Salimu (Msa): Usitie chumvi kavu kwenye birika, utapotea. Chukua kijiko kimoja cha chai, sawasawa si cha kilima, koroga kwenye kikombe kidogo cha kahawa kilichojaa maji mpaka iyeyuke. Hiyo ndiyo dawa yako. Mimina kahawa kwenye vikombe vitatu. Cha kwanza usikiguse. Cha pili matone kumi ya dawa. Cha tatu matone thelathini. Onja cha kwanza, kunywa maji, onja cha pili, kunywa maji, onja cha tatu. Halafu niambie.

[21:20] Da Mwana: Matone na nini? Kijiko kitamwaga.

[21:21] Salimu (Msa): Kitone cha dawa ya watoto. Cha homa. Kioshe kwanza.

[21:48] Da Mwana: Nimefanya. Cha pili ni maji ya bahari kabisa, sembuse cha tatu. Salimu umetudanganya.

[21:49] Omari: Tukaange na samaki basi.

[21:50] Salimu (Msa): Matone kumi hayawezi. Na cha kwanza je? Kile ambacho hukutia kitu?

[21:53] Da Mwana: ... Nacho kina chumvi.

[21:53] Salimu (Msa): Maji gani hayo?

[21:54] Da Mwana: Si ya mfereji. Wiki hii mfereji hautoki, nimechota kisimani msikitini.

[21:56] Salimu (Msa): Ndiyo hiyo. Visima vya huko Lamu mjini vimeingia bahari zamani. Umetia chumvi juu ya chumvi. Pata maji ya Shela, au hata ya chupa kwa majaribio. Maji yakiwa na chumvi yake, usiongeze hata tone.

[21:57] Fatuma Shela: Nilisema mimi maji ya mchangani ndiyo maji. Watu hucheka Shela.

[21:58] Da Mwana: Fatuma, una madumu mangapi?

[22:31] Da Mwana: Fatuma?

[23:05] Da Mwana: Jirani kanipa chupa. Nimerudia.

[23:07] Da Mwana: Cha kwanza, chungu, kinashika nyuma ya ulimi hakiondoki. Cha pili, uchungu umeshuka wallahi, karibu nusu, na sikuisikia chumvi. Cha tatu ndipo chumvi inaanza, kama mchuzi mwepesi. Lakini moshi uko palepale vikombe vyote. Ukipuliza unanuka jiko.

[23:11] Salimu (Msa): Ndiyo hesabu yake. Matone kumi kikombe kimoja, maana yake kwenye lita tatu ni kama theluthi ya kijiko cha chai. Lita kumi usizidi kijiko kizima, na uanze chini ya hapo maana tangawizi na iliki nazo zinafunika. Na nikuulize, unachemsha vipi?

[23:13] Da Mwana: Kama siku zote. Kahawa na tangawizi pamoja tangu magharibi, makaa madogo.

[23:15] Salimu (Msa): Hiyo inakuongezea tatizo. Buni iliyoungua inatoa uchungu upesi, na kila dakika unaikamua zaidi. Chemsha tangawizi peke yake hata nusu saa, iache ikolee. Kahawa itie mwisho, itokote dakika tatu nne, epua, tia kijiko cha maji baridi ishuke mashapo, mimina kwenye dele. Usiirudishe motoni. Na usiitwange ikawa unga kabisa, iache na punje. Hapo utapata faida kubwa kuliko chumvi.

[23:16] Da Mwana: Kwenye dele gani?

[23:17] Omari: 👀

[23:18] Da Mwana: Nauliza tu. Dele la Nana liko wapi? Lilikwenda Mombasa kwa arusi ya nani, likarudi lini?

[23:20] Salimu (Msa): Da Mwana, usiku huu?

[23:20] Da Mwana: Mwaka wa ngapi huu nauliza.

[23:24] Salimu (Msa): Liko salama. Mdomo ulilegea, nililipeleka kwa fundi.

[23:25] Omari: Fundi huyo ana wajukuu sasa.

*Alhamisi*

[06:12] Rukia: Subhalkheri. Nimesoma usiku. Salimu, hizo tone kumi kwa mtu wa presha zina shida?

[06:40] Salimu (Msa): Dada Rukia, chumvi hiyo ni chembe tu, kipande cha mkate kina zaidi. Ila daktari wako ndiye mkubwa kuliko mimi.

[06:41] Rukia: Aniambie yeye basi. Mimi nitakunywa chai.

[09:30] Da Mwana: Jamaa, leo Alhamisi. Uamuzi: tunatumia hizi hizi kwa chumvi, au tunachanga tununue nyingine? Nataka ndiyo au hapana. Tuko ishirini na saba humu.

[09:58] Athmani: Tuchanganye. Nusu hizi, nusu mpya zisizoiva sana. Salimu, si inasaidia?

[10:15] Salimu (Msa): Inasaidia kweli, na moshi unapungua kwa sababu ni kidogo. Ila mpya ziwe za kahawia, kama rangi ya tende kavu, si nyeusi. Na theluthi moja ya hizi inatosha. Nusu ni nyingi.

[10:16] Athmani: Mimi nitakaanga.

[10:16] Da Mwana: HAPANA.

[10:17] Omari: HAPANA.

[10:17] Fatuma Shela: Hapana.

[10:44] Ma Mkubwa Zena: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:52)

[10:51] Da Mwana: Kwa msiokuwa na bando, Ma Mkubwa asema: "Wanangu, nimesomewa hayo maneno yenu. Munyu kahawani si jambo geni, baharia walikuwa wakifanya, na mai ya chomboni hayakuwa mema. Sikatai. Lakini Mzee wenu, kahawa ikimuungua aliimwaga uani, hakumpa mtu. Nimemuona kwa macho yangu mara mbili. Na aliyeipika hakumsema. Alikaanga nyengine yeye mwenyewe. Arobaini yake mtawapa watu iliyoungua?"

[10:52] Da Mwana: Halafu kanyamaza kidogo, kasema: "Na hilo dele lirudi."

[11:20] Rukia: 😢 Mungu amrehemu.

[11:21] Fatuma Shela: Amin.

[11:40] Athmani: Ma Mkubwa nisamehe. Nitazimwaga.

[11:42] Da Mwana: Usizimwage bado! Subiri. Kama mpya hazikupatikana tutafanya nini?

[11:44] Athmani: Ma Mkubwa kasema.

[11:45] Da Mwana: Ma Mkubwa hakusema pesa zitoke wapi.

[12:30] Salimu (Msa): Niko tayari kutuma kilo moja na nusu kwa basi la usiku huu. Mbichi, si iliyokaangwa. Ikifika Mokowe asubuhi, mtu aichukue aivushe. Nani ataikaanga na nani atakuwa jeti?

[12:31] Da Mwana: Na dele?

[12:48] Salimu (Msa): Nitauliza fundi.

[13:05] Da Mwana: Nani anakwenda Mokowe Ijumaa asubuhi? Nani ana kikaango kikubwa? Nani ana madumu ya Shela? Mambo matatu, watu watatu.

[14:20] Da Mwana: Naona alama za bluu kumi na tisa.

[15:02] Omari: Mimi nitakwenda Mokowe, mafuta ya boti anilipie Athmani.

[15:03] Athmani: 👍

[15:40] Fatuma Shela: Madumu yapo mawili. Punda hana mtu wa kumleta.

[16:10] Da Mwana: Na wa kukaanga?

[20:55] Swabra: Salaam jamaa, simu yangu ilizima tangu jana. Kuna nini? Nimenunua chumvi kilo mbili, Da Mwana aliniambia inahitajika.

[20:57] Omari: 🤲

[21:15] Da Mwana: Salimu, buni zimepanda basi?

[21:40] Da Mwana: Salimu?