Kotesheni yenye bei tatu: mteja aone tofauti, siyo tarakimu tu

RandaKali
Wakuu, nina kazi ya makabati ya jikoni, mita 4 za ukuta. Nataka kumpa mteja bei tatu kwenye kotesheni moja: chipubodi, plaiwudi na mbao ngumu. Nimeandika "daraja la 1, la 2, la 3" na bei zake, basi. Nahofia atashika ya chini halafu adai ubora wa juu. Niiandikeje?

Mzee wa Vipimo
Hayo madaraja hayamwambii kitu. Anza na visivyobadilika: vipimo, idadi ya milango na droo, usafiri, ufungaji. Usipovitaja atadhani bei ya chini imepunguzwa droo. Kisha kila chaguo litaje kitu, udhaifu wake na siku. Bei ya kati tuiite 100:

"A – 75. Chipubodi ya milimita 18 yenye uso wa melamini. Haihitaji rangi, lakini maji yakipenya ukingoni huvimba na hairudi. Siku 10 za kazi.
B – 100. Plaiwudi ya milimita 18, imepakwa rangi. Inavumilia unyevu zaidi na inashika skrubu za bawaba vizuri. Siku 15.
C – 160. Mbao ngumu iliyokaushwa, vanishi mikono mitatu. Ikikwaruzika inapigwa msasa na kupakwa upya. Siku 30.
Siku zinahesabiwa tangu malipo ya awali yaingie na vipimo vya mwisho visainiwe. Bei hizi zinadumu kwa siku 14."

Udhaifu wa A usiufiche. Hiyo sentensi ya kuvimba ndiyo utakayomwonyesha akirudi analalamika.

Bi Hesabu
Tanguliza C kila mara, B itaonekana nafuu.

Mzee wa Vipimo
Si kila mara, Bi Hesabu. Kama ameshataja bajeti, ukimwanzishia ya ghali ataona hukumsikiliza. Anza na iliyo karibu na bajeti yake. Kinachovuruga zaidi ni siku: wengi hudhani anayelipa zaidi anawahishiwa. Mweleze kwa nini C inachelewa: kila mkono wa vanishi unasubiri uliotangulia ukauke, na mbao ikiharakishwa ingali mbichi itapinda milango ikishafungwa.

Dogo Tisheti
Mimi nachapa fulana. Kitambaa ni kilekile, tofauti ni haraka tu. Bado niweke tatu?

Mzee wa Vipimo
Hapana, bei moja na nyongeza ya haraka kwenye mstari wake. Ukiziita tatu atatafuta tofauti ya kitambaa ambayo haipo.

Bi Hesabu
Akiipenda C bei ikamshinda, mpunguzie asilimia 10, yaishe.

Mzee wa Vipimo
Ukipunguza bei na kazi ikabaki vilevile, atajua ile ya kwanza ulikuwa umeipandisha. Badilisha kazi: masanduku ya plaiwudi, milango ya mbao ngumu. Iandike kama chaguo jipya, na siku zake mpya.

RandaKali
Shukrani. Je, niandike ninayoipendekeza?

Bi Hesabu
Usiandike. Atahisi unamsukuma.

Mzee wa Vipimo
Mimi huandika, na sababu moja tu: "Sinki liko katikati ya makabati, kwa hiyo napendekeza B."