Saiba ya mtaani imemwandikia ami yetu kama ofisi, na ofisi kama ami

Wanajamvi, nina malalamiko. Kijana anayechapa barua katika saiba moja ya huku Majengo alipewa kazi mbili na mama yangu, akazivuruga zote mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuiomba ofisi ya maji irekebishe bili. Ya pili, kwa jina la mdogo wangu, ilikuwa ya kumwomba ami yetu wa Lamu aje asimamie posa.

Barua ya ofisi ilianza, "Natumai u buheri wa afya pamoja na jamaa zako wote," ikaendelea hivyo aya nzima. Nambari ya mita ilijificha chini kabisa, karibu na maneno "nataka mnirekebishie haraka." Karani aliirudisha akisema haoni inahusu nini, na simlaumu. Baada ya anwani, tarehe na "Kwa Meneja," kilichotakiwa ni kichwa kama "KUH: OMBI LA KUREKEBISHIWA BILI," kisha sentensi ya kwanza iseme, "Naomba ofisi yako ikague upya usomaji wa mita yangu," nambari ifuate papo hapo.

Ami naye akaletewa "KUH: POSA. Unaarifiwa kufika bila kukosa," na mwisho "Wako mwaminifu." Hakuna shikamoo, wala kuuliza hali ya watu wa nyumbani! Alipiga simu kuuliza amekosa nini. Mzee huamkiwa na kujuliwa hali kwanza, ndipo haja iletwe kwa unyenyekevu: "Tunakuomba ami, ukijaaliwa, uje utusimamie," na chini, "Ni mimi mwanao."

Mkaazi wa Kisauni: Unakuza mambo. Angetia "tafadhali" kote, yangekwisha.

Karani mstaafu: Ofisini "tafadhali" husaidia, lakini "tafadhali njoo" kwa mzee bado ni amri. Anayepokea barua masjala husoma kichwa ili ajue aitie faili gani. Salamu ndefu humchelewesha, hazimheshimu. Ila mwenye uzi naye apunguze hasira, kwani "Natumai u mzima" mara moja tu kwa afisa anayekujua si kosa.

Mja wa Likoni: Mimi nilimwandikia mwenzangu wa kazini "Mheshimiwa, naomba kuwasilisha ombi la kubadilishana zamu," akadhani namdhihaki. Je, saiba hiyo inatoza pesa ngapi?

Mwenye uzi: Bei siyo niliyoiuliza. Kwa rika lako ungesema tu, "Ndugu yangu, nishikie zamu ya kesho." Karani, hapo kwa afisa unayemjua sikubaliani nawe: barua husomwa na wengine wasionijua, nayo hubaki failini.

Karani mstaafu: Failini hubaki kweli. Lakini Mombasa hii, barua isiyo na salamu hata moja, wapo maafisa wazee wanaoiona ya kiburi, na hao ndio watiao sahihi.