Mrejesho: Madeni ya dola ya mwagizaji wa vipuri, Mbeya

Niliuliza: "Nahakiki mwagizaji wa vipuri hapa Mbeya, anadaiwa dola na wauzaji wa nje. Nitajuaje salio la mwisho wa mwaka ni sahihi?"

Wakuu, asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kuhakiki dola kwanza, shilingi baadaye, na ndio ulionifungua macho. Salio la dola 40,000 kumbe lilikuwa ankara za 52,000 zilizopunguzwa malipo ya awali ya 12,000, ya mzigo ambao haujafika. Mteja alibadilisha yote kutoka shilingi 2,500 kwa dola hadi kiwango cha kufungia mwaka, 2,400. Kwa IAS 21, kanuni ya uhasibu ya fedha za kigeni, deni hubadilishwa, ila malipo ya awali ya bidhaa hubaki kwa kiwango cha siku yalipolipwa. Faida sahihi ya mabadiliko ya kiwango ni 52,000 × 100, yaani shilingi 5,200,000. Yeye aliandika 4,000,000. Mhasibu ameshasahihisha, na malipo ya awali yamehamishiwa upande wa mali.

Barua za uthibitisho hazikufanikiwa zote. Muuzaji mmoja hajajibu mpaka leo. Kwake nilitumia malipo ya benki ya baada ya mwaka kufungwa, na kwa kiasi ambacho hakijalipwa nikaangalia ankara na hati za forodha. Mzigo wake ulipokelewa kabla ya mwaka kufungwa, kwa hiyo deni nimelikubali.