Naomba ushauri: aya inaishia wapi katika mstari huu wa Talmudi?

Ndugu wanajukwaa, katika Talmudi ya Babeli, Berakhoti 2a, nasoma: «Tana akra kai, dikhtiv beshokhbekha uvkumekha, vehakhi katani: zman kriat shema dishkhiva eimat».

Naelewa kwamba «dikhtiv», yaani «kama ilivyoandikwa», hufungua nukuu ya Kumbukumbu la Torati 6:7, «ulalapo, na uondokapo», nayo «vehakhi katani», «na hivi ndivyo anavyofundisha», hurudisha maelezo ya wanazuoni. Lugha pekee hainitoshi kuamua, kwa kuwa aya ni ya Kiebrania, lakini hata maelezo yana «zman kriat shema», Kiebrania kitupu, kabla Kiaramu hakijarejea kwenye «dishkhiva eimat».

Naomba mnishauri: pasipo kifungu cha kufunga kama «vehakhi katani», nitambueje mwisho wa nukuu, zaidi ya kulinganisha neno kwa neno na Torati yenyewe?